Jinsi ya kujenga fedha na benki ya jamhuri ya kubuni ili deni liiendeshe riwaya yako

Katika rasimu yangu ya kwanza ya riwaya ya deni, mhusika mkuu alidaiwa "dinari elfu moja". Dada yangu, ambaye husoma kila ninachoandika kabla ya mtu mwingine, aliandika pembeni mwa ukurasa kwa penseli: "Elfu moja ndiyo ngapi? Mchukuzi wa bandarini anapata ngapi kwa siku?" Sikuwa na jibu, na nilipolitafuta niligundua kwamba riwaya yote ilikuwa imesimama juu ya namba isiyo na uzito. Mhusika alikuwa analia, mdai alikuwa anatisha, lakini hapakuwa na sababu yoyote ya deni lile kushindikana kulipika isipokuwa kwamba mimi nilitaka lishindikane.

Mwongozo huu ni wa kukuepusha na hilo. Nitakwenda na mfano mmoja mpaka mwisho: mji wa kubuni niliouita Taraji, jamhuri ya wafanyabiashara kisiwani, inayotawaliwa na Baraza la majumba makubwa na kuishi kwa pepo za kusi na kaskazi. Pale ninapohitaji kujua kama jambo linawezekana, ninaiuliza historia, hasa ya Venisi, kwa sababu ile ilikuwa jamhuri ya biashara kweli na fedha zake zinajulikana vizuri.

Hatua ya 1: Tenganisha fedha ya deni na fedha ya tumbo

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ukiikosea hakuna pambo litakaloiokoa hadithi. Usiipe jamhuri yako sarafu moja. Ipe mbili, na hakikisha kwamba tajiri anaandikiana madeni kwa moja na maskini analipwa ujira kwa nyingine.

Venisi ilifanya hivyo bila kukusudia kumtesa mtu. Mwaka 1284 ilianza kufua dukati ya dhahabu, gramu 3.5 hivi, dhahabu iliyo karibu safi kabisa. Sarafu hiyo ilibaki na uzito uleule mpaka jamhuri ilipoanguka mwaka 1797. Wafanyabiashara wakubwa walihesabu mali zao kwa dukati. Lakini fundi, mpiga makasia na muuza samaki walilipwa kwa sarafu ndogo zilizohesabiwa kwa soldi, na hizo zilikuwa zinapunguzwa fedha halisi kidogo kidogo kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1328 dukati moja ilihesabiwa kuwa soldi 64. Kufikia mwisho wa karne ya 15 ilikuwa soldi 124. Dhahabu haikuongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni idadi ya sarafu ndogo ambazo mtu alitakiwa kuzikusanya ili kuifikia.

Fikiria maana yake kwa anayedaiwa dukati na kulipwa soldi. Anaweza kufanya kazi ileile, kwa bidii ileile, na deni likakua bila mdai kuongeza hata nukta kwenye karatasi. Hilo ndilo pengo unalolitaka. Deni linaloendesha riwaya halitokani na ukubwa wake. Linatokana na pengo kati ya fedha ambayo deni limeandikwa na fedha inayoingia mfukoni mwa mdaiwa.

Kwa Taraji nimechagua dinari ya dhahabu na fulusi, sarafu ndogo ya fedha iliyochanganywa na shaba. Mwanzo wa hadithi, dinari moja ni fulusi 60. Majina nimeyachukua kwenye maneno ambayo sikio la msomaji wetu limeshayazoea, kwa sababu neno la kubuni kabisa humlazimisha msomaji kukumbuka kamusi wakati unataka akumbuke deni. Pwani yetu yenyewe iliishi na fedha mbili. Reale ya Maria Theresa, iliyochorwa mwaka 1780 hata pale ilipofuliwa miaka mingi baadaye, ilitumika kwa biashara kubwa, na chini yake zilikuwepo sarafu ndogo za shaba kutoka Bara Hindi, ambazo ndizo zilizotupa neno "pesa". Msomaji wa Kiswahili hashangai kusikia kwamba fedha ya bwana si fedha ya kibarua.

Hatua ya 2: Funga namba kwenye mkono wa mtu

Hatua hii ni fupi. Amua vitu vitatu tu: ujira wa siku wa kibarua, bei ya chakula cha siku, na bei ya nyumba. Taraji, kibarua hupata fulusi 6 kwa siku. Pishi ya mtama ni fulusi 2. Nyumba ya mawe yenye baraza ni dinari 400.

Sasa deni la dinari 120 lina uzito. Ni fulusi 7,200, yaani siku 1,200 za kibarua, zaidi ya miaka mitatu ya kubeba mizigo bila kula. Huna haja ya kumwambia msomaji hesabu hiyo. Muoneshe kibarua akipokea fulusi zake 6 jioni na kununua mtama kwa 2, na kurasa tano baadaye mtaje mtu anayedaiwa dinari 120. Atapiga hesabu mwenyewe, hata kama hajui kwamba anapiga.

Hatua ya 3: Jenga benki ambayo si kila mtu anaingia

Waandishi wengi huweka benki ya kubuni kama jengo lenye dhahabu ya kuibiwa. Benki ya jamhuri ya biashara ni kitu kingine. Ni daftari. Watu hawaendi kuchukua dhahabu, wanakwenda kuhamisha namba.

Huko Venisi, mabenki ya Rialto, soko kuu la mji, yalifanya kazi kwa mdomo. Anayelipa alisimama mbele ya mwenye benki, akatamka kwamba amhamishie fulani kiasi fulani, na mwenye benki akaandika papo hapo. Kilichoandikwa kwenye daftari lile kilikuwa ndiyo malipo yenyewe. Hakuna sarafu iliyobadilisha mikono. Mabenki hayo ya watu binafsi yalikuwa yanaanguka mara kwa mara. Mwaka 1499 yalianguka kadhaa kwa mfululizo, na mwaka 1584 likaanguka la Pisani na Tiepolo, na ndipo serikali ikaanzisha benki yake mwaka 1587. Amsterdam nayo ilifungua benki ya mji mwaka 1609 na kuamuru kwamba hati za malipo za kuanzia gilda 600 zilipwe kupitia benki hiyo tu.

Kanuni hizo mbili, ya mdomo na ya kiwango, ni zawadi kwa mtunzi. Nimezichukua zote. Taraji ina Nyumba ya Daftari. Kila mwenye ukurasa humo lazima atamke malipo yake mwenyewe mbele ya karani, au wakala wake aliyethibitishwa na mashahidi wawili. Na deni lolote la dinari 100 au zaidi halilipwi nje ya Nyumba hiyo. Kisha nikaongeza kanuni ya tatu, ambayo inatokana na desturi ya matajiri kila mahali: hakuna anayefunguliwa ukurasa bila kuweka dinari 100 kwa mkupuo.

Angalia kilichotokea. Mtu mwenye kipato cha fulusi anaweza kudaiwa deni ambalo kisheria hawezi kulilipa kwa mkono wake mwenyewe. Anahitaji mwenye ukurasa amlipie. Mimi sikuwa nimemfikiria mhusika huyo kabla ya kuandika kanuni. Kanuni ndiyo iliyomleta: mvunja fedha wa sokoni, mwenye meza na mizani, anayepokea fulusi za wadogo na kuwalipia dinari kwenye Daftari. Katika rasimu ya kwanza mtu wa kuogopwa alikuwa mdai. Baada ya kanuni, alikuwa mvunja fedha.

Hatua ya 4: Andika mkataba wa deni neno kwa neno

Usiandike "alikopa". Andika mkataba wenyewe, hata kama hutauweka kwenye riwaya, kwa sababu hatari yote imo ndani ya vifungu.

Kwenye jamii inayokataza riba, na Ulaya ya zama hizo nayo iliikataza, faida ya mkopeshaji hujificha mahali. Wafanyabiashara wa Italia waliificha ndani ya kiwango cha kubadilisha fedha, kwenye hati ya kupokea hapa na kulipa mji mwingine baada ya miezi kadhaa. Unguja na Omani waliijua njia nyingine, bei ya khiyari: mwenye shamba "anamuuzia" mkopeshaji shamba lake, anaendelea kulikaa kama mpangaji, anatoa kodi, na ana hiari ya kulikomboa kwa bei ileile kabla ya tarehe iliyowekwa. Kodi ndiyo inayofanya kazi ya riba, na mauzo ndiyo rehani. Siku ikipita bila ukombozi, mauzo yanakuwa mauzo kweli.

Kwa hadithi, sijui mkataba mzuri kuliko huu. Haumtoi mdaiwa nyumbani kwake, kwa hiyo kila asubuhi anaamka ndani ya kitu ambacho kwenye karatasi si chake. Na ukubwa wa adhabu hauhusiani kabisa na ukubwa wa upungufu.

Mdaiwa wangu ni Bi Mwanaisha, mwenye karakana ya kamba za usumba. Kaka yake alifariki, na warithi wa kaka wanataka sehemu yao ya karakana. Anachukua dinari 120 kwa Bwana Msellem kwa bei ya khiyari juu ya nyumba yake yenye thamani ya dinari 400. Kodi ni dinari 1 kwa mwezi. Siku ya kukomboa ni Nairuzi ijayo, siku ya mwaka mpya wa mabaharia, kabla jua halijatua.

Hatua ya 5: Piga hesabu mwezi kwa mwezi kabla ya kuandika sura hata moja

Chukua karatasi. Karakana, baada ya mishahara na makumbi ya nazi, inamwachia Bi Mwanaisha fulusi 700 kwa mwezi.

Kwanza piga hesabu ya mwaka ambao hakuna kilichoharibika. Kodi ni fulusi 60 kwa mwezi, anabaki na 640. Kwa miezi 12 ni fulusi 7,680. Deni ni 7,200. Analipa na kubaki na 480. Hii ni muhimu sana: mdaiwa wako lazima awe alikuwa na hesabu nzuri siku aliyotia saini. Kama deni halikulipika tangu mwanzo, msomaji atamwona mjinga na hatamsindikiza.

Sasa lete tukio. Mwezi wa saba Baraza linahitaji kuwalipa askari wa kulinda mlango wa bahari. Hazina haina fedha ya kutosha, kwa hiyo linafua fulusi mpya zenye fedha kidogo na shaba nyingi. Kwa sura ni ileile. Kwenye meza ya mvunja fedha, dinari moja inapanda kutoka fulusi 60 hadi 75.

Miezi sita ya kwanza Bi Mwanaisha aliweka 640 mara sita, ambazo ni 3,840. Miezi sita ya pili kodi yake, ambayo ni dinari 1, inagharimu fulusi 75, kwa hiyo anaweka 625 mara sita, ambazo ni 3,750. Jumla ana fulusi 7,590. Amezidi hata zile 7,200 alizokuwa anazipigia mahesabu. Lakini dinari 120 sasa ni fulusi 9,000. Amepungukiwa na 1,410, karibu dinari 19.

Kwa dinari 19 anapoteza nyumba ya dinari 400, na hajakosa siku moja ya kazi. Nilipoiona namba hii kwenye karatasi nilijua kwamba riwaya imepatikana.

Kuna jaribio moja la kufanya hapa. Jiulize mdaiwa mwerevu angefanya nini. Kama Bi Mwanaisha angebadilisha zile 3,840 za mwanzo kuwa dinari wakati bado ni 60, angekuwa na dinari 64 mkononi. Angebakiza dinari 56 tu, sawa na fulusi 4,200 kwa bei mpya, na kwa zile 3,750 angepungukiwa na 450. Kwa nini hakufanya hivyo? Mimi ninalo jibu: hana ukurasa kwenye Daftari, na dhahabu ya kukaa nayo ndani ya nyumba ambayo watoto wengi huingia na kutoka ni kumwita mwizi. Wafanyabiashara wenye ukurasa walibadilisha zao wiki ile ile uvumi ulipoanza. Kama wewe huna jibu la swali kama hilo, hesabu yako bado ina tundu.

Hatua ya 6: Weka fedha yake baharini

Upungufu peke yake hutoa huzuni. Kinachotoa mbio ni kuwepo kwa fedha ya kuuziba mahali ambapo mkono haufiki.

Kwa Taraji mahali hapo ni upepo. Mwezi wa tisa, kusi inapoanza na kabla haijachafuka, nahodha mmoja anachukua kamba za jahazi zima kwa mkopo wa dinari 20, nje ya ile hesabu ya kila mwezi, na kutweka kwenda kaskazini. Dinari 20 ni zaidi ya 19. Bi Mwanaisha anadai kinachotosha. Lakini jahazi lililokwenda na kusi linarudi na kaskazi, na kaskazi haivumi mpaka karibu miezi mitano baada ya Nairuzi. Nahodha ana ukurasa wenye dinari kwenye Daftari, ila kanuni inasema atamke mwenyewe au kwa wakala. Mkewe anasema aliachiwa uwakala. Shahidi mmoja yupo. Wa pili yuko kwenye jahazi lilelile.

Mabaharia wa pwani walihesabu siku za mwaka kutoka Nairuzi kwa miongo, siku kumi kumi, na walijua mwongo upi ni wa kusafiri na upi ni wa kuvuta chombo pwani. Tumia kalenda ya aina hiyo badala ya majina ya miezi. Mhusika akisema "tuko mwongo wa mia tatu na ishirini", msomaji anasikia siku zikiisha.

Hatua ya 7: Mpe mdai deni lake

Mdai asiyedaiwa ni ukuta tu. Bwana Msellem amekodi forodha ya Taraji, kama sultani wa Zanzibar katika karne ya 19 alivyokodisha forodha yake kwa kiasi maalumu cha mwaka, na mkodishwaji akabaki na ushuru atakaokusanya. Kodi yake anapaswa kuilipa Baraza siku ya Nairuzi, kwenye Daftari, kwa dinari. Mwaka huu amepungukiwa na dinari 115. Za Bi Mwanaisha 120 zingemvusha.

Maana yake wote wawili wanataka kitu kimoja, dinari 120 kabla ya jua kutua. Nyumba haimsaidii Msellem, kwa sababu nyumba haiingii kwenye daftari. Isipokuwa kama yupo mtu wa kuinunua jioni ileile. Na yupo: mvunja fedha ameshamwambia kwamba hati ikiwa safi, atatoa dinari 150 papo hapo kwa nyumba ya 400. Ni mvunja fedha huyohuyo ambaye Bi Mwanaisha anamhitaji amlipie kwenye Daftari.

Na Msellem anakaa kwenye Baraza lililopiga kura ya kufua fulusi nyepesi. Alipiga kura ya ndiyo, kwa sababu bila askari majahazi yasingeingia na pasingekuwa na forodha. Usimfanye kuwa mwovu. Hesabu inafanya kazi vizuri zaidi akiwa mtu mwenye heshima.

Hatua ya 8: Toboa benki yenyewe, lakini tundu dogo

Benki ya Amsterdam iliaminika kwa vizazi kwa sababu watu waliamini kwamba kila namba kwenye vitabu vyake ina sarafu yake ghalani. Lakini ilikuwa inaikopesha kwa siri Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, na mambo yalipojulikana mwaka 1790 na 1791 imani ikavunjika. Kabla ya hapo fedha ya vitabuni ilikuwa na thamani kupita sarafu ya mkononi, kwa sababu haichakai na haina ya bandia.

Tofauti hiyo ndiyo kipimajoto chako. Mwanzoni mwa riwaya, kwenye meza ya mvunja fedha, dinari 100 za Daftari zinanunua dinari 103 za mkononi. Katikati, 100. Karibu na Nairuzi, 98. Mtaje muuza kahawa akisema namba hiyo huku akimimina, na usieleze kitu. Msomaji atajua kwamba Baraza limegusa dhahabu ya ghalani kabla hata mhusika yeyote hajasema.

Sikuivunja benki. Nilijaribu, na kishindo chake kilizima deni la Bi Mwanaisha: benki ikianguka kila mtu anapoteza, na hakuna anayemtazama mwanamke mmoja mwenye dinari 19. Nilichohitaji ni uvumi wa kutosha kupunguza bei ya ahadi. Bi Mwanaisha anajaribu kuiuza haki yake ya kumdai nahodha, dinari 20 za Daftari zitakazolipwa baada ya miezi mitano. Mwaka wa amani angepewa 18 au 19. Mwaka huu mfanyabiashara wa mbao anampa 16.

Kumi na sita kwa 75 ni fulusi 1,200. Pengo la 1,410 limebaki 210.

Hatua ya 9: Ziba kila njia ya kutokea isipokuwa moja

Mpe msomaji mkali muhtasari wako na umwombe aulize "kwa nini asi...?" mpaka achoke. Dada yangu aliuliza: kwa nini asitengeneze kamba zaidi? Kwa sababu makumbi hufukiwa ufukweni miezi mingi yaoze ndipo yapondwe yatoe usumba, na kilichomo shimoni leo kiliamuliwa mwaka jana. Kwa nini asipandishe bei? Amepandisha, na vibarua nao wamedai zaidi, kwa sababu pishi ya mtama sasa ni fulusi 3. Zile 700 zimebaki 700. Kwa nini Msellem asimwongezee muda? Kwa sababu yeye hakuongezewa. Kwa nini asimlipe Msellem hizo alizonazo? Fulusi 7,590 ni dinari 101, naye anahitaji 115.

Kila jibu liwe limeshaoneshwa mahali fulani kabla swali halijaja. Jibu linalotolewa na mhusika kwa maelezo marefu siku ya mwisho linanuka kisingizio.

Njia moja iliyobaki wazi iwe ndogo na iwe ya watu. Fulusi 210. Karakana ina wasokotaji 14, na kila mmoja anadai ujira wa fulusi 15. Kumi na nne mara kumi na tano.

Hatua ya 10: Andika malipo kama tendo

Eneo la kulipa lisifanyike kwa muhtasari. Hivi ndivyo lilivyo kwangu kwa sasa:

"Masalkheri, Bwana Msellem."

"Akheri, Bi Mwanaisha. Jua limefika kwenye mnara."

"Nimeliona."

Mvunja fedha alikuwa amemaliza kupima. Alikuwa amezitenga fulusi rundo kwa rundo, na rundo la mwisho lilikuwa la sarafu nyeusi za jasho, zilizofungwa kwenye kipande cha kamba ya usumba. Alizihesabu mara mbili. Karani hakumtazama mtu. "Tamka," alisema.

Mvunja fedha alinyamaza. Dinari mia moja na hamsini zilikuwa kwenye ukurasa wake, tayari kununua nyumba, na hakuna sheria ya Taraji iliyomlazimisha kutamka kabla ya jua kutua. Kitu pekee kilichomlazimisha ni wasokotaji kumi na wanne waliosimama mlangoni, ambao kesho wangekuwa wateja wa meza yake au wa meza ya mwenzake.

"Mhamishie Msellem," alisema, "dinari mia moja na nne." Mfanyabiashara wa mbao alikohoa nyuma yake. "Na kutoka kwangu, kumi na sita."

Kalamu ilichovya.

Ona kwamba hakuna sarafu hata moja iliyovuka meza kwenda kwa Msellem. Fulusi 7,800 zimebaki kwa mvunja fedha, naye ametamka 104. Namba tu ndizo zimehama. Nyumba imerudi kwa mwenyewe kwa sauti za watu wawili na mkono wa karani mmoja.

Usiku ule Bi Mwanaisha anafungua daftari lake mwenyewe, la karakana, na kuandika majina 14, kila jina na fulusi 15. Deni lake halijaisha. Limehama kutoka dinari kwenda fulusi, fedha anayoipata kwa mikono yake, na sasa kila siku anayochelewa sarafu ikizidi kupungua, wanaopoteza ni wale kumi na wanne. Sura inayofuata inaanza mjumbe wa Baraza anapopita mtaani kutangaza kwamba karakana ya kufulia sarafu itawasha moto tena Ijumaa.